Tangi Linalofurika Usiku: Jinsi ya Kurekebisha Valvu ya Boya

Katika mitaa mingi ya Nakuru maji ya mgao hufika watu wakiwa wamelala. Tangi la juu ya paa hujaa kimya kimya kabla ya alfajiri, na kama valvu ya boya haikufunga, maji huendelea kuingia na kutokea kwenye bomba la ziada hadi mgao ukatike. Asubuhi mwenye nyumba huona ukuta umelowa na udongo chini ya paa umechimbika. Mwisho wa mwezi huja bili, na bili hiyo haina mjadala, kwa kuwa maji yote yaliyomwagika yalikuwa yameshapita kwenye mita.

Mji huu hauna maji ya kumwaga. Hutegemea visima virefu vya pande za Kabatini na Baharini, pamoja na maji yanayoletwa kutoka mto Turasha, upande wa Gilgil. Bwawa la Itare huko Kuresoi, lililotarajiwa kuongeza maji ya Nakuru, lilianza kujengwa mwaka 2017, kisha kazi ikasimama baada ya mkandarasi wake kutoka Italia kuingia katika matatizo ya fedha. Mgao kwa hiyo ungalipo, na kila nyumba yenye uwezo imepandisha tangi lake, jeusi au la rangi ya maziwa, juu ya paa au juu ya mnara wa vyuma.

Kabla ya mtu kupanda ngazi na spana mkononi, inafaa ajue kwamba mara nyingi tangi hufurika kwa sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza, boya limewekwa juu mno, hivyo maji hulifikia bomba la ziada kabla valvu haijafunga. Ya pili, boya limepanda inavyotakiwa lakini valvu yenyewe haizibi. Anayepinda mkono wa boya wakati tatizo ni la pili atapinda leo, atapinda tena Jumapili, na maji yataendelea kumwagika. Mafundi wa haraka hukosea hapa mara nyingi, kwa sababu kupinda mkono ni kazi ya dakika moja na huonekana kama dawa.

Kuzitofautisha ni rahisi. Ngoja wakati maji yanaingia, fungua kifuniko cha tangi, kisha inua boya kwa mkono hadi lisiweze kupanda zaidi. Usitumie nguvu, kidole kimoja au viwili vinatosha. Maji yakikatika kabisa, valvu ni nzima na kilichoharibika ni kimo. Yakiendelea kutiririka au kudondoka, acha mkono wa boya ulivyo, kwa sababu shida iko ndani ya valvu.

Angalia pia mvua. Nyumba nyingi zimeelekeza mifereji ya paa kwenye tangi lilelile linalopokea maji ya mgao, na valvu ya boya haina uwezo wowote juu ya maji ya mvua. Tangi likifurika usiku wa mvua ya Aprili, funga koki iliyo karibu na mita na utazame. Kama bado linafurika, valvu haina kosa.

Kupanda kwenyewe kunataka tahadhari. Panda mchana, paa likiwa kavu, na mtu mwingine ashike ngazi. Juu ya mabati, kanyaga pale misumari ilipopita, maana chini yake kuna mbao. Bati lenyewe halibebi mtu. Na usiingie ndani ya tangi kwa sababu yoyote ile.

Tuanze na kosa la kimo. Valvu ya shaba inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ina mwili mfupi, mkono wa fimbo ya shaba na boya la mviringo kama mpira mwishoni. Haina skrubu ya kurekebishia. Hurekebishwa kwa kupindwa mkono wake: ukielekea chini, boya hukaa chini zaidi, hivyo hukutana na maji mapema na valvu hufunga mapema. Ukielekea juu, maji hupanda zaidi.

Namna ya kuupinda ndiyo yenye siri. Mtu akishika boya na kulikandamiza, nguvu yote huenda kwenye pini ndogo inayounganisha mkono na mwili wa valvu, na pini hiyo ikilegea au tundu lake likipanuka, valvu haitafunga vizuri tena. Shika fimbo kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza ukae karibu na valvu na usisogee, wa pili ukae katikati ya fimbo, kisha pinda taratibu kati ya mikono hiyo. Boya likishuka sentimita moja, maji nayo yatasimama karibu sentimita moja chini ya pale yaliposimama awali. Pinda kidogo, acha tangi lijae, tazama, kisha pinda tena ikibidi.

Valvu za plastiki zinataka njia nyingine. Mkono wake ukipindwa huvunjika, na wakati mwingine hauvunjiki papo hapo bali wiki kadhaa baadaye, usiku. Nyingi zina skrubu au nati ya masikio karibu na kiungo cha mkono. Ilegeze, shusha boya, kaza tena. Nyingine huwa na fimbo ya kusimama ambayo boya huteleza juu yake na kubanwa mahali linapotakiwa.

Maji yasimame wapi? Kipimo kinachofaa ni angalau sentimita 2.5 chini ya ukingo wa chini wa bomba la ziada, yaani upana wa vidole viwili hivi. Kwa tangi la plastiki ambalo kuta zake hucheza, sentimita 5 ni salama zaidi. Wenye nyumba wengi hukataa kushusha boya kwa hofu ya kupoteza akiba, kwa hiyo hesabu inafaa ifanywe. Tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha mita 1.1 hubeba takriban lita 9.5 katika kila sentimita moja ya kimo. Kushusha maji kwa sentimita 5 ni kuacha nafasi ya lita 48 hivi, kama madumu mawili na nusu ya lita 20. Tangi linalofurika humwaga kiasi hicho kabla chai haijachemka.

Ukiwa hapo juu, usishuke kabla ya kushika mwili wa valvu na kuutikisa. Katika matangi ya plastiki, ukuta wenyewe hupinda pale boya linaposukuma, valvu ikainama, na kimo kikabadilika bila mtu kugusa kitu. Nati ikiwa imelegea, valvu nzima huzunguka kwenye tundu lake na boya hukwama kwenye ukuta wa tangi au kuegemea bomba. Kaza nati za pande zote mbili, weka kipande cha bati nene au washa pana kati ya nati na plastiki, na hakikisha bomba linalopandisha maji limefungwa ukutani kwa klipu ili uzito wake usiivute valvu. Sogeza boya juu na chini mwendo wake wote. Lisiguse chochote.

Na boya lenyewe? Lifungue kutoka kwenye fimbo, ulitikise karibu na sikio. Sauti ya maji ndani ina maana kwamba limetoboka au limepasuka kwenye mshono, na boya lililobeba maji huzama badala ya kusukuma. Hakuna cha kurekebisha hapo. Chukua boya la zamani hadi dukani ili nyuzi zake zilingane na za jipya, na ununue la ukubwa uleule. Boya dogo hupunguza nguvu ya kufunga.

Sasa tuje kwenye valvu isiyoziba hata boya likiinuliwa kwa mkono. Ndani ya mwili wa shaba kuna pistoni fupi yenye kipande cha mpira mbele, na mpira huo hubanwa dhidi ya tundu dogo ambalo maji hutokea. Mgao ukirudi baada ya siku kadhaa, maji ya kwanza huja ya kahawia, yakiwa na kutu na mchanga mwembamba kutoka kwenye mabomba. Punje moja ikikaa kati ya mpira na tundu, valvu hubaki wazi kwa unene wa punje hiyo. Baada ya miezi mingi mpira wenyewe hukauka na kuchimbika duara katikati.

Kazi yake huchukua chini ya saa moja. Funga koki ya chini. Nyoosha miguu ya pini kwa plaiyasi, ichomoe, na mkono wa boya utatoka. Kama valvu ina kifuniko mbele, kifungue kwa spana, kisha sukuma pistoni itoke kwa ncha ya bisibisi kupitia nafasi ulimokuwa mkono. Pistoni nyingi ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nyuzi: shika kimoja kwa plaiyasi, zungusha kingine, na mpira utaonekana. Ukiwa umechimbika upande mmoja tu na duka limefungwa, ugeuze. Upande wa nyuma utakusogeza hadi upate mpya. Futa pistoni kwa kitambaa hadi iteleze bila kukwama.

Kisha tazama tundu lenyewe, kwa tochi ikibidi. Pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wake. Ukiwa laini pande zote, rudisha vitu mahali pake na utie pini mpya. Kukiwa na mfereji mdogo uliochongwa na maji, hakuna mpira utakaouziba. Badilisha kipande cha tundu kama valvu yako inaruhusu, au nunua valvu mpya. Kabla ya kurudisha pistoni, mwambie aliye chini afungue koki kidogo ili maji yasukume uchafu uliobaki nje ya tundu, kisha afunge tena.

Kuna kosa la tatu ambalo huwasumbua hata mafundi wazuri, na Nakuru ni mahali pake hasa. Ni valvu inayofunga vizuri mchana, fundi akaondoka akiwa ameridhika, kisha usiku ikashindwa.

Sababu ni mteremko wa mji. Nakuru imekaa kati ya Menengai, ambayo kilele chake kimepita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nakuru, lililo karibu mita 1,760. Kila mita 10 ambazo nyumba iko chini ya tangi kuu linaloilisha, presha huongezeka kwa baa 1, yaani karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mchana, watu wakifua na kuosha magari, presha hiyo hupungua njiani kwa sababu maji yanakimbia. Usiku wa manane koki zimefungwa, maji yametulia mabombani, na nyumba iliyo mita 40 chini hupokea baa 4 kamili.

Hesabu ya nguvu ni fupi. Tundu la milimita 6 lina eneo la takriban sentimita za mraba 0.28. Kwa baa 1, maji husukuma pistoni kwa nguvu ya gramu 280 hivi. Kwa baa 4, nguvu hiyo inazidi kilo 1. Boya hushinda kwa msaada wa urefu wa mkono wake, kama mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo mrefu. Mkono ukiwa mfupi, kama ulivyo katika valvu nyingi za bei ya chini, ushindi huo haupo. Boya huzama zaidi na zaidi likitafuta nguvu, maji yanapanda, na bomba la ziada linaanza kumwaga kabla valvu haijaziba.

Chukua nyumba ya kupanga yenye tangi la lita 1,000, upande wa chini wa mji. Maji yanafika saa nne usiku na kukatika saa kumi na moja alfajiri. Tangi linajaa kwa saa mbili, na zinabaki saa tano. Mpangaji anaweka dumu la lita 20 chini ya bomba la ziada, na linajaa kwa dakika tano. Hizo ni lita 4 kwa dakika, lita 240 kwa saa, lita 1,200 kwa usiku mmoja. Tangi linamwaga zaidi ya linachoweza kubeba. Mgao ukija usiku 13 kwa mwezi, ni lita 15,600, na kwa kuwa uniti moja ya maji ni lita 1,000, bili inapanda kwa uniti zaidi ya 15 ambazo hakuna aliyezitumia. Mchana wake fundi akiinua boya, maji yanakatika vizuri, na lawama inahamia kwenye mita.

Dawa ambayo wengi huijaribu ni kufunga koki ya chini nusu. Haitibu. Koki iliyofungwa nusu hupunguza kasi ya maji yanayokimbia, lakini valvu inapokaribia kuziba maji yanasimama, na maji yaliyosimama hubeba presha ileile pande zote mbili za koki. Kitakachobadilika ni kwamba tangi litajaa polepole na kufurika polepole.

Kinachosaidia ni tundu dogo. Valvu za boya hutengenezwa kwa presha tofauti, na tofauti yenyewe ni upana wa tundu. Likitoka milimita 6 hadi milimita 3, eneo lake hupungua mara nne, na nguvu ya maji nayo hupungua mara nne: ile ya kilo moja na zaidi inarudi kwenye gramu 280. Dukani omba valvu ya presha ya juu, uifungue hapo hapo kaunta na kutazama tundu, kwa maana valvu za aina zote hufanana kwa nje. Usitosheke na maandishi ya pakiti.

Tundu dogo lina gharama yake, nayo isifichwe: tangi litachukua muda mrefu zaidi kujaa. Kwa nyumba inayopata maji saa saba mfululizo, hiyo si hoja. Kwa nyumba inayopata saa mbili tu, huenda tangi lisijae kabisa, na hapo ni afadhali kuacha tundu pana na kufunga valvu ya kupunguza presha karibu na mita, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Njia ya tatu ni valvu yenye mkono mrefu na boya kubwa, kama tangi lina nafasi ya kutosha.

Nyumba zinazopandisha maji kwa pampu kutoka tangi la chini zisitegemee valvu ya boya peke yake. Ikifunga huku pampu inaendelea kuzunguka, maji yaliyofungiwa ndani ya pampu hupata moto na kuharibu sili zake. Hapo kinachotakiwa ni swichi ya boya, inayokata umeme tangi likijaa, na ifungwe na fundi wa umeme.

Baada ya ukarabati wowote, kazi ipimwe usiku, wakati presha iko juu. Hakuna haja ya kupanda paa gizani. Tangi likiwa limejaa na koki zote za nyumba zimefungwa, mulika mita kwa tochi ya simu. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo au pembetatu ndogo inayozunguka hata kwa maji machache sana. Ikiwa imesimama kabisa, valvu imeziba. Ikizunguka pole pole, funga koki ya tangi: ikisimama, maji yanapita kwenye valvu, ikiendelea, bomba limepasuka mahali kati ya mita na nyumba, na hiyo ni kazi nyingine.

Bomba la ziada lenyewe lisizibwe kamwe, hata kama linaudhi. Liwe pana kuliko bomba la kuingiza, kwa mfano inchi 1 kwa maji yanayoingia kwa nusu inchi, na mdomo wake ufungwe wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Lielekezwe mahali ambapo mtu hupita kila asubuhi, karibu na mlango au njia ya geti, wala lisichomekwe ndani ya mfereji wa paa ambako maji yanaweza kupotea mwezi mzima bila kuonekana.

Mpira wa pistoni ubadilishwe kila mwaka, bila kusubiri uharibike. Maji yanaporudi baada ya kukatika kwa muda mrefu, fungua kwanza koki ya uani kwa dakika chache hadi maji ya kahawia yaishe, ndipo uyaruhusu kupanda tangini. Na kama nyumba ina wapangaji, mwenye nyumba awaonyeshe mita ilipo na koki ya tangi ilipo, ili atakayesikia maji yakimwagika usiku aweze kuyafunga mwenyewe bila kungoja kukuche.